Hotuba ya dakika 3 mbele ya wawekezaji: dalili za hitilafu, vyanzo vyake na marekebisho

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasikiliza wajasiriamali wa Kisumu, Siaya na Kakamega wakifanya mazoezi ya hotuba fupi ya kuombea mtaji, ile ya dakika 3 inayopaswa kubeba tatizo, ufumbuzi, soko na ombi la fedha. Hitilafu zinazojitokeza ni zilezile, na mara nyingi mwenye hotuba hutafuta chanzo mahali pasipo nacho: hudhani sauti ndiyo mbaya, ilhali hesabu ndiyo mbovu. Nimezipanga hapa kwa dalili, na chini ya kila dalili nimeanza na chanzo cha kawaida zaidi na ukaguzi ulio rahisi.

Mfano nitakaoufuata ni wa kikundi kinachokausha omena katika ufukwe wa Usenge, kaunti ya Siaya. Fedha, kilo na idadi ya wateja nitakazozitaja ni za mfano, lakini makosa ni ya kweli, nami nimeyasikia zaidi ya mara moja.

Dalili ya kwanza: kengele inalia kabla hujaomba fedha

Chanzo cha kawaida zaidi ni wingi wa maneno, na ukaguzi wake ni wa dakika chache. Hesabu maneno ya andiko lako, kisha lisome kwa sauti ukiwa umesimama, simu ikikupimia muda. Neno la Kiswahili hubeba silabi nyingi, kwa hiyo anayesema kwa utulivu, akiacha nafasi ya kupumua, hutumia maneno 300 hivi kwa dakika 3. Aliyezoea kuandika hotuba yake kwa Kiingereza na kuitafsiri bila kupunguza hujikuta na maneno 450 na mbio za kumfukuza paka. Mimi hugawa hivi: maneno 70 kwa tatizo, 75 kwa ufumbuzi, 75 kwa soko, 65 kwa ombi, na 15 yaliyosalia ni salamu na pumzi.

Chanzo cha pili ni itifaki. Huku kwetu mtu huona haya kuanza bila kumshukuru mwenyekiti, waandalizi, wazee na kila aliyesafiri kuja, na shukrani hizo humaliza sekunde 30, yaani sehemu moja kati ya sita za muda wote. Sema “Itifaki imezingatiwa”, maneno mawili tu, kisha ingia kazini. Hakuna mzee aliyewahi kukasirikia jambo hilo mbele yangu.

Chanzo cha tatu, ambacho hujificha, ni tarakimu. Kwenye karatasi 13,140,000 ni neno moja, lakini mdomoni ni “milioni kumi na tatu, laki moja na elfu arobaini”. Andika kila tarakimu kwa maneno unayokusudia kuyatamka, halafu uone kama unazihitaji zote. Mara nyingi “milioni kumi na tatu” inatosha, na mwekezaji anayetaka salio ataliuliza.

Kama maneno ni 300 na bado kengele inakukuta, tazama sehemu ya tatizo. Kikundi chetu cha Usenge kilianza na ukubwa wa Ziwa Victoria, kikapitia lishe ya watoto, kikagusa mabadiliko ya hali ya hewa, na omena yenyewe ikatajwa sekunde ya 70. Tatizo halielezwi kwa ramani ya nchi. Linaelezwa kwa mtu mmoja, mahali pamoja, saa fulani. Baada ya kukata, sehemu hiyo ilibaki hivi, na ina maneno 70 kamili:

“Ufukweni Usenge omena huvuliwa usiku na kuanikwa asubuhi juu ya nyavu. Wingu likitanda saa nne, mchuuzi mwenye makarai 3 hana la kufanya ila kungoja. Kufikia jioni omena imelainika, imepasuka matumbo, na mnunuzi wa chakula cha kuku ndiye pekee anayeitaka, kwa chini ya nusu ya bei. Daftari letu la mwaka jana lina siku 50 za namna hiyo. Hata siku ya jua, omena iliyoanikwa chini hubeba mchanga, na duka la mjini huikataa.”

Sentensi ya daftari ndiyo inayobeba uzito, kwa sababu inaonyesha kwamba kuna mtu aliyehesabu. Kama huna daftari, usiibuni idadi. Anza kuandika leo na useme umeandika kwa wiki ngapi.

Dalili ya pili: swali la kwanza ni “Kwani mnauza nini hasa?”

Swali hili likiulizwa mara moja linaweza kuwa la mtu aliyechelewa kuingia. Likiulizwa katika mazoezi mawili mfululizo, sehemu ya ufumbuzi imeharibika.

Chanzo cha kawaida ni kueleza mashine badala ya biashara. Kikundi chetu kilitumia maneno 90 kueleza kikaushio: paa la nailoni, chanja za waya, feni, na jiko la akiba linalopasha hewa siku jua linapokosekana. Yote ni ya kweli na jiko lile ni muhimu sana, maana kikaushio kinachotegemea jua pekee hakitibu ugonjwa wa siku ya mvua. Hata hivyo hakuna aliyeambiwa nani anatoa fedha mfukoni, anapewa nini, na kwa bei gani. Ukaguzi wake ni huu: msomee sehemu hiyo mtu asiyeijua biashara yako, kisha mwombe akujibu maswali hayo matatu. Akishindwa hata moja, andika upya ukianza na mnunuzi, na mashine ipewe sentensi mbili tu.

Chanzo cha pili ni kuwa na wateja wa aina mbili ndani ya hotuba moja. Kikundi kilisema kitawakaushia wachuuzi kwa ada ya shilingi 100 kwa karai, na papo hapo kitanunua omena na kuiuza madukani. Hizo ni biashara mbili zenye hesabu mbili, na dakika 3 hazitoshi hata kwa moja na nusu. Chagua ile inayolipa zaidi, nyingine uiache kwa ajili ya maswali. Ni ipi inayolipa zaidi, kikundi hakikujua mpaka kilipofika kwenye dalili inayofuata.

Hapa pana onyo la kwanza. Andiko likisema kwamba pakiti ina alama ya ubora ya KEBS, na maombi bado yako njiani, futa sentensi hiyo hata kama inauma. Sema hatua mliyofikia, na kama hamjui hatua hizo ni zipi, nendeni ofisi husika mkaulize kabla ya kusimama mbele ya mtu yeyote. Mwekezaji akigundua uongo mmoja wa vyeti huacha kusikiliza hata yaliyo ya kweli.

Dalili ya tatu: ukifika kwenye soko, wasikilizaji wanatazamana

Hii ndiyo hitilafu nzito kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda.

Chanzo cha kawaida zaidi ni hesabu inayoanzia juu. Mtu hutaja watu wote wa Kenya wanaokula samaki, anajikatia asilimia 1, kisha anaita kipande hicho soko lake. Asilimia hiyo haitoki popote. Hakuna aliyeiuza, hakuna aliyeinunua. Ukaguzi wake ni mwepesi: kama ukibadilisha neno “omena” kwa “sabuni” sehemu yako ya soko bado inasomeka sawasawa, basi huna sehemu ya soko.

Chanzo cha pili ni hesabu inayoanzia chini lakini inasahau kalenda. Kikundi chetu kilikwisha kuepuka kosa la asilimia 1, na kilijivunia jambo hilo. Kilisema ufukweni kuna wachuuzi 120, kila mmoja ana makarai 3 kwa siku, na ada ni shilingi 100 kwa karai. Hiyo ni shilingi 36,000 kwa siku, na ukizidisha kwa siku 365 unapata milioni 13 na ushee. Hesabu haina kosa la kuzidisha, ila ina kosa la ziwa.

Kwanza, upande wa Kenya umekuwa na msimu wa kufunga uvuvi wa omena kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai, na mwekezaji aliyekulia karibu na ziwa atauliza kikaushio kinafanya nini miezi hiyo minne. Pili, omena huvutwa kwa taa usiku, na mbalamwezi ikikolea taa hazivuti kitu, kwa hiyo wavuvi hupumzika siku kadhaa za kila mwezi. Ukichukua miezi 8 yenye siku 20 za uvuvi, unabaki na siku 160. Tatu, na hili ndilo lililotuumiza, jua ni la bure. Katika mazoezi yetu alikuwepo mama mmoja aliyechuuza omena tangu ujana wake, akamsikiliza kijana wa kikundi hadi mwisho, kisha akamwambia, “Mwanangu, jua likiwaka nitakulipa wewe ya nini?”

Kijana akatafuta jibu kwenye karatasi yake na hakulikuta. Akasema, “Mama, hapo umenishika.”

Mshindani wa kikaushio si kikaushio kingine, ni jua. Mchuuzi atalipa ada siku za wingu tu, nazo katika daftari ni 50. Tukaangalia pia uwezo wa vikaushio viwili vinavyoombewa fedha, tukakuta kwamba kwa siku vinabeba makarai 120, wala si yote 360 ya ufukwe. Makarai 120 kwa shilingi 100 ni 12,000 kwa siku. Kwa siku 50 ni shilingi 600,000 kwa mwaka, kabla ya kulipa mfanyakazi wala makaa. Kutoka milioni 13 hadi laki 6 ni safari ndefu kwa alasiri moja.

Sasa onyo la pili, ambalo naliona kuwa muhimu kuliko ushauri wote wa uandishi: soko likianguka namna hii, acha kurekebisha andiko. Hakuna sentensi itakayoinua laki 6 zirudishe mtaji wa milioni 2 na laki 4. Tafuta mhasibu anayejua biashara ya chakula, mpe daftari lenu, na mketi naye mpaka mjue ni nani anayelipa siku zote 160. Ukiendelea kupamba maneno utakuwa unapaka rangi mtumbwi unaovuja.

Kikundi kiliketi na mhasibu, na kikarudi wiki ya tatu kikiwa kimeacha ada kabisa. Sasa kinanunua omena mbichi, kinaikausha kwenye chanja bila kugusa mchanga, na kuiuza madukani kwa pakiti za nusu kilo. Kazi hiyo hufanyika hata siku ya jua, kwa kuwa anacholipia mwenye duka ni usafi, na omena kavu iliyohifadhiwa vizuri huweza kuuzwa ndani ya msimu wa kufunga, wakati wengine hawana. Vikaushio viwili vikitoa kilo 200 kavu kwa siku, kwa siku 160, ni kilo 32,000. Kila kilo ikibakiza shilingi 60 baada ya kulipia omena, kazi, makaa na pakiti, kinachobaki ni shilingi 1,920,000 kwa mwaka.

Sehemu mpya ya soko ikawa fupi na isiyo na majivuno. Inasema kwamba duka moja la mjini Kisumu au Kakamega huuza kilo 15 kwa wiki, kwamba maduka 40 yatachukua kilo 600 kwa wiki, ambazo kwa mwaka ni kilo 31,200, karibu sawa na zote watakazozalisha, na kwamba tayari maduka 11 yananunua kutoka kikaushio kidogo cha majaribio. Msikilizaji anaweza kuihesabu kichwani akiwa ameketi. Nilipoisikia mara ya kwanza niliona mzee mmoja nyuma akihesabu kwa vidole, na hakuna dalili bora zaidi ya hiyo.

Chanzo cha tatu cha wasikilizaji kutazamana, nacho ni nadra, ni kutaja soko la nchi jirani bila kujua ushuru wala vibali vyake. Liondoe tu.

Dalili ya nne: unaomba fedha, panafuata ukimya

Ukimya una vyanzo vitatu vikubwa, na cha kawaida zaidi ni kwamba hukuomba. Umesema “tunakaribisha msaada wa aina yoyote”, maneno ya adabu ambayo mwekezaji hawezi kuyaandikia hundi. Hakikisha sehemu ya ombi ina kiasi kimoja, matumizi yake, unachotoa badala yake, na kitakachokuwa kimebadilika fedha zikiisha. Matumizi nayo yajumlishwe mbele ya mashahidi, kwa maana nimesikia ombi la milioni 2 ambalo vipengele vyake vilifika milioni 2 na laki 3, na swali la kwanza likawa hilo.

Chanzo cha pili ni hisa zisizolingana na thamani. Ukiomba shilingi 2,400,000 na kutoa asilimia 30, umesema kwamba kampuni itakuwa na thamani ya milioni 8 fedha zikishaingia, yaani ilikuwa na thamani ya milioni 5 na laki 6 kabla. Wengi husema “kampuni yetu ina thamani ya milioni 8” bila kueleza ni kabla au baada. Kama ni kabla, jumla baada ya fedha ni milioni 10 na laki 4, na mwekezaji anastahili asilimia 23 tu. Pengo kati ya 23 na 30 ndilo litakalowagombanisha baadaye, nawe ulilipanda kwa kuacha neno moja. Gawa kiasi unachoomba kwa sehemu ya hisa unayotoa. Jibu ni thamani ya baada. Likikushtua, kosa liko kwenye asilimia au kwenye kiasi.

Ombi la kikundi liliishia hivi:

“Tunaomba shilingi milioni mbili na laki nne. Milioni moja na nusu itajenga vikaushio viwili, laki sita itanunua omena mbichi ya mwezi wa kwanza, na laki tatu italipia vipimo vya ubora na mashine ya kufunga pakiti. Kwa fedha hizo tunatoa asilimia thelathini ya hisa, kampuni ikiwa na thamani ya milioni nane baada ya fedha kuingia. Baada ya miezi kumi na miwili tutakuwa katika maduka arobaini. Leo tuko katika kumi na moja.”

Ni maneno 70, matano zaidi ya niliyotenga, nami sikuyakata. Afadhali kupunguza salamu.

Chanzo cha tatu hakionekani kwenye andiko kabisa, na ndicho kinachohitaji wakili. Huenda huna hisa za kutoa. Jina la biashara lililosajiliwa si kampuni, na kikundi cha kijamii hakina hisa, hata kama wanachama huita michango yao hivyo. Kabla ya mazoezi yoyote, toa nakala ya CR12 ya kampuni yako na uone wakurugenzi na wenye hisa walioandikwa humo. Kama hakuna CR12 kwa sababu hakuna kampuni, au kama majina yaliyomo si ya watu mnaofanya nao kazi, simama hapo na umwone wakili. Usiahidi asilimia yoyote mbele ya watu.

Mwone wakili pia kama umealikwa kutoa hotuba hiyo redioni, au unataka kuituma katika makundi ya WhatsApp ili yeyote anayependa achangie na kupata hisa. Kwa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015, kampuni binafsi hairuhusiwi kualika umma kununua hisa zake, na wanahisa wake wana kikomo cha watu 50, ukiacha wafanyakazi. Kusema mbele ya wawekezaji wachache waliochaguliwa na kutangaza sokoni ni mambo mawili tofauti, na mpaka kati yake usijiwekee mwenyewe.

Dalili ya tano: unakwama katikati

Mara nyingi umekariri neno kwa neno, na neno moja likipotea yote hupotea. Kariri sentensi ya kwanza ya kila sehemu, tarakimu zako, na ombi lote. Mengine yaseme kama unavyoyasema kila siku. Kama unakwama mahali palepale kila mara, sentensi ya hapo ni ndefu kupita pumzi yako, au hujaielewa, na mara nyingi ni hiyo ya pili.

Chanzo cha nadra ni projekta. Nimewahi kumtazama mtu akingoja slaidi ifunguke kwa sekunde 40 katika ukumbi mmoja wa hapa mjini, na muda haukurudishwa. Fanya mazoezi mawili ya mwisho bila slaidi yoyote, ukiwa na pakiti ya nusu kilo mkononi. Ukifika kwenye ufumbuzi, mpe aliyeketi mbele aifungue na ainuse, nawe uendelee kusema.